MRR na wateja wanaolipa kwa mwaka: njia tatu za kuhesabu na ipi ikufae

MRR, yaani mapato ya mwezi yanayojirudia, ni hesabu nyepesi pale ambapo wateja wote wanalipa mwezi kwa mwezi. Unamchukua kila mteja aliye hai mwisho wa mwezi, unaandika anacholipa kwa mwezi, unajumlisha. Wateja 200 wakilipa 30 kila mmoja, MRR ni 6,000 na hakuna cha kubishania. (Namba za humu sikuzipa sarafu. Weka ile unayotumia, hesabu haibadiliki.)

Ubishi huanza siku unapoweka mpango wa mwaka. Mteja anatoa 300 kwa mkupuo, anatumia huduma miezi 12, na kwenye ripoti yako kuna safu moja tu iliyoandikwa "mwezi huu". Uandike 300? Uandike 25? Au uandike sehemu ya 300 inayolingana na siku za mwezi wenyewe? Kila jibu lina watu wanaolitumia, na kila jibu linatoa namba tofauti kwa biashara ileile. Naziweka njia hizo tatu bega kwa bega, kwa mfano mmoja tutakaokwenda nao mpaka mwisho. Baada ya hapo kuna mambo mawili ambayo hata njia bora peke yake haiyamalizi: punguzo la mpango wa mwaka, na namna ya kuwahesabu wanaoondoka.

## Mfano wetu

Ni kampuni ndogo inayouza programu kwa usajili. Mpango wa mwezi ni 30. Mpango wa mwaka ni 300, kwa hiyo anayelipa mwaka anasamehewa miezi miwili. Tarehe 31 Desemba ina wateja 200 wa mwezi na 60 wa mwaka.

Januari kunatokea mambo matano, na ili hesabu isitusumbue tuchukulie kwamba yote yametokea tarehe 1. Wanaingia wateja wapya 20 wa mwezi. Wanaingia wapya 10 wa mwaka. Wateja 12 wa mwezi wanahamia mpango wa mwaka. Wateja 8 wa mwezi wanaondoka kabla ya kukatwa pesa ya Januari. Na kati ya wale 60 wa mwaka, mikataba ya 5 inaisha na wote watano wanaihuisha.

Januari inafungwa na wateja 200 wa mwezi (200, ongeza 20, toa 12, toa 8) na 82 wa mwaka (60, ongeza 10, ongeza 12). Februari ni shwari: haingii mtu, hatoki mtu, na wateja wawili tu wa mwaka wanahuisha.

## Njia ya kwanza: pesa iliyoingia

Hii ndiyo njia ambayo akaunti ya benki inakupa bila kuiomba. Januari wateja wa mwezi wameleta 6,000. Wa mwaka waliolipa ni 27, yaani 10 wapya, 12 waliohamia na 5 waliohuisha, nao wameleta 8,100. Jumla ni 14,100. Februari wa mwezi wameleta 6,000 tena, wa mwaka wawili wameleta 600, jumla 6,600.

Anayesoma namba hizi kama MRR ataona kampuni imepoteza zaidi ya nusu ya mapato yake ndani ya mwezi mmoja, mwezi ambao kwa kweli hakuondoka hata mteja mmoja. Hatari ya upande wa pili ni kubwa zaidi. Mtu akichukua ile 14,100 ya Januari na kuizidisha kwa 12 ili kupata mapato ya mwaka yanayojirudia, yaani ARR, atapata 169,200. Ukihesabu kwa njia itakayofuata, ARR ya kampuni hii ni 96,600. Pengo hilo halitokani na matumaini ya ziada. Limetokana na kuhesabu malipo ya mwaka mzima kana kwamba yatarudi kila mwezi.

Pesa iliyoingia ni namba halali na ni ya lazima. Ndiyo inayokwambia kama mishahara ya mwezi ujao italipika, na hakuna MRR inayoweza kulijibu swali hilo. Kosa ni kuipa jina la MRR tu. Dalili ya kwamba ripoti imeangukia hapa ni rahisi kuiona: mstari wa MRR unapanda kama mlima kwenye mwezi wa ofa ya mwaka, kisha unaporomoka mwezi unaofuata.

## Njia ya pili: kugawa kwa miezi ya mkataba

Hapa kila mkataba unageuzwa kuwa kiwango cha mwezi mmoja. Mpango wa mwaka wa 300 unagawanywa kwa 12, unapata 25, na 25 hiyo inahesabiwa kila mwezi kwa muda wote ambao mkataba uko hai. Wa miezi mitatu unagawanywa kwa 3, wa miaka miwili kwa 24.

Desemba: wateja 200 mara 30 ni 6,000, na 60 mara 25 ni 1,500. MRR ni 7,500. Mwisho wa Januari: 200 mara 30 ni 6,000, na 82 mara 25 ni 2,050. MRR ni 8,050. Februari ni 8,050 vilevile, na ndivyo inavyopaswa kuwa, maana hakuna kilichobadilika kwa wateja.

Uzuri wa njia hii ni kwamba unaweza kueleza safari yote kutoka 7,500 hadi 8,050 kipande kwa kipande. Wapya wa mwezi wameongeza 600, wapya wa mwaka 250. Walioondoka wamepunguza 240. Wale 12 waliohamia mpango wa mwaka wamepunguza 60, kwa sababu kila mmoja ametoka 30 akaenda 25. Ukijumlisha na kutoa, unafika 8,050 kamili. Ripoti ya MRR isiyofunga hivi ina kosa mahali fulani, na hilo ndilo jaribio la kwanza ambalo ningelifanya kwa ripoti yoyote niliyopewa.

Kwenye kanzidata, hesabu yenyewe ni fupi:

```sql
SELECT SUM(kiasi * 1.0 / miezi) AS mrr
FROM usajili
WHERE hali = 'hai';
```

Hiyo `1.0` haipo kwa mapambo. Kwenye PostgreSQL, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, desimali inakatwa na kutupwa. Kwa 300 hutagundua kitu, kwa sababu 300 ikigawanywa kwa 12 inatoka 25 bila salio. Lakini bei ikiwa 299, jibu sahihi ni 24.92 na kanzidata itakupa 24. Kwa wateja 82 umepoteza karibu 75 ya MRR kila mwezi, kimyakimya, bila ujumbe wowote wa kosa.

Kuhusu kinachoingia kwenye `kiasi`: ni bei ya huduma inayojirudia tu, baada ya punguzo. Kodi ya ongezeko la thamani si yako, iondoe. Ada ya kumfungulia mteja akaunti au ya mafunzo hailipwi tena, iondoe. Makato ya kampuni ya kadi ni gharama yako, kwa hiyo hayapunguzi MRR. Mteja aliye kwenye majaribio ya bure ni sifuri mpaka alipe.

## Njia ya tatu: siku kwa siku, kama mhasibu

Mhasibu naye anaisambaza ile 300, lakini kwa sababu nyingine. Chini ya kiwango cha kimataifa cha IFRS 15, kilichoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2018, malipo ya mwaka yakipokelewa kabla ya huduma kutolewa hayawi mapato siku hiyo. Yanakaa kwenye mizania kama deni la huduma unayodaiwa na mteja, kisha yanageuka mapato kadiri siku zinavyopita. Kwa mpango wa siku 365, kila siku ni 300 gawa kwa 365, yaani karibu 0.82.

Matokeo yake, mteja mmoja wa mwaka huleta 25.48 kwenye Januari yenye siku 31, na 23.01 kwenye Februari yenye siku 28. Kwa wateja 82 ni takriban 2,089 Januari na 1,887 Februari. Sehemu hiyo ya mapato imeshuka kwa zaidi ya 200, na sababu pekee ni kwamba Februari ni fupi.

Kwa taarifa ya mapato ya kampuni hilo ni sahihi kabisa. Taarifa hiyo inaeleza kilichochumwa ndani ya kipindi, na Februari umetoa huduma kwa siku chache zaidi. MRR inauliza swali jingine: leo hii, mwisho wa mwezi, wateja nilionao wana thamani gani kwa mwezi wa kawaida? Ni picha ya siku moja, si jumla ya kipindi. Ndiyo maana mteja wa mwaka aliyeingia tarehe 15 Januari anahesabiwa 25 nzima kwenye MRR ya Januari, wakati vitabu vya mhasibu vinampa siku 17 tu, karibu 13.97. Namba zote mbili ni sahihi kwa kazi yake. Kinachopotosha ni kuzilinganisha mwezi kwa mwezi ukitegemea zikutane. Mwekezaji akikuuliza kwa nini MRR haifanani na mapato kwenye vitabu, hilo ndilo jibu, na ni vizuri uwe nalo kabla hajauliza.

Hizi hapa zote tatu, kwa wateja wa mwaka peke yao:

| Njia | Januari | Februari | Swali inalojibu |
|---|---|---|---|
| Pesa iliyoingia | 8,100 | 600 | Nina pesa ya kulipia gharama? |
| Kugawa kwa 12 | 2,050 | 2,050 | Wateja nilionao leo wana thamani gani kwa mwezi? |
| Siku kwa siku | 2,089 | 1,887 | Nimechuma kiasi gani kipindi hiki? |

Kwa MRR, chagua ya pili. Ya kwanza iweke kwenye ripoti ya mtiririko wa fedha, ya tatu kwenye vitabu vya hesabu, na kila moja ibaki na jina lake.

## Nyongeza ya katikati ya mwaka

Kuna mahali ambapo kugawa kwa 12 kunaharibika hata mikononi mwa watu makini. Mteja wa mwaka aliyelipa 300 ametumia miezi mitano, kisha anapanda kwenda mpango wa 600 kwa mwaka. Imebaki miezi saba, kwa hiyo unamtoza tofauti ya miezi hiyo tu: 300 mara 7, gawa kwa 12, ni 175.

Sasa programu ya ripoti inaiona ankara ya 175 ya mteja wa mwaka, inaigawa kwa 12, inaongeza 14.58 kwenye MRR. Si kweli. Mteja huyu amehama kutoka kiwango cha 25 kwenda 50, kwa hiyo ongezeko ni 25, sawa na 175 ikigawanywa kwa ile miezi saba iliyobaki. Kosa hili lina alama yake: mteja anapohuisha kwa 600, MRR yake inaruka ghafla kutoka 39.58 hadi 50, na ripoti inaliita ukuaji wakati mteja hajabadilisha chochote. Ukiona maongezeko mengi yanatokea tarehe za kuhuisha, kagua ankara za nyongeza kwanza.

Dawa ni kuhesabu MRR kutoka kwenye mpango alionao mteja badala ya ankara aliyotumiwa. Ankara inakwambia alichotozwa. Mpango unakwambia kiwango anachoishi nacho.

## Bei ya orodha au bei halisi?

Turudi kwa wale 12 waliohama kutoka 30 kwenda 25. Kila mmoja ameshusha MRR kwa 5, na kampuni ikifanya ofa kubwa ya mwaka, MRR inaweza kushuka mwezi uleule ambao benki imejaa. Hapo ndipo kishawishi kinapoingia: mbona tusihesabu wateja wa mwaka kwa bei ya orodha, 30 kwa mwezi, tuseme tu kwamba tumewapa punguzo?

Tofauti kwa wateja 82 ni 410 ya MRR. Hiyo 410 hakuna mteja anayeilipa wala aliyeahidi kuilipa. Kwangu hakuna mjadala: hesabu bei halisi. Punguzo la mwaka wa kwanza tu vilevile lihesabiwe kama lilivyo. Mteja anayelipa 240 mwaka wa kwanza na 300 baadaye ni 20 sasa, na zile 5 zitaingia siku atakapohuisha kweli.

Lakini ni haki kuuliza kama punguzo lenyewe lilikuwa na faida, kwa sababu MRR inaonyesha hasara yake na kuficha malipo yake. Januari wateja 8 kati ya 200 wa mwezi waliondoka, yaani asilimia 4. Tuseme kasi hiyo ni ya kawaida. Mteja wa mwezi analipa 30 kwa uhakika mwezi wa kwanza, mwezi wa pili ana uwezekano wa asilimia 96 wa kuwepo, wa tatu asilimia 92.16, na kuendelea. Ukijumlisha miezi 12, unatarajia kupata kwake karibu 290. Mteja wa mwaka amekupa 300 siku ya kwanza. Kwa kasi ya asilimia 3, matarajio ni karibu 306, na hapo punguzo linaanza kukugharimu. Mpaka uko karibu na asilimia 3.4: wanaoondoka wakizidi hapo, kusamehe miezi miwili kunalipa, wakipungua hapo, unatoa zawadi.

Hesabu hiyo ina udhaifu mmoja unaofaa kuangaliwa kwa jicho kali. Inachukulia kwamba anayehamia mpango wa mwaka ni mteja wa kawaida. Mara nyingi siye. Anayekubali kulipa mwaka mzima ni yule aliyekwisha kuzoea huduma na ambaye angebaki hata hivyo, kwa hiyo kwake kasi ya kuondoka ilikuwa ndogo kuliko asilimia 4 tangu mwanzo. Njia ya kujua ni kuwapanga wateja wa mwezi kwa umri wao kwenye huduma na kuona waliozidi miezi sita wanaondoka kwa kasi gani. Kama ni asilimia 1 au 2, basi ofa ya mwaka ielekezwe kwa wapya zaidi kuliko kwao.

## Wanaoondoka: asilimia moja au mbili?

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, mipango ya mwaka inapodanganya zaidi, na kugawa kwa 12 hakusaidii.

Januari kampuni imepoteza MRR ya 240 kutoka kwenye 7,500. Ni asilimia 3.2. Lakini waliopotea wote ni wa mwezi, na sehemu yao ilikuwa 6,000, kwa hiyo kwao hasara ni asilimia 4. Namba ya pamoja imeonekana nzuri zaidi kwa sababu moja tu: wateja 55 kati ya 60 wa mwaka hawakuwa na nafasi ya kuondoka mwezi huo. Wamekwisha kulipa. Wamewekwa chini ya mstari wa mgawanyo, wakati juu ya mstari hawawezi kutokea.

Kadiri sehemu ya mwaka inavyokua, namba ya pamoja inashuka yenyewe. Kampuni ambayo nusu ya MRR yake ni ya mwaka, na ambayo wateja wake wa mwezi wanaondoka kwa ileile asilimia 4, itaripoti asilimia 2 katika mwezi ambao hakuna mkataba wa mwaka unaoisha. Huduma haijaboreka hata kidogo.

Sasa tazama upande wa pili. Tuseme Machi mikataba 10 ya mwaka inaisha na wateja 3 hawahuishi. MRR iliyopotea ni 75. Ukiigawa kwa 8,050 unapata asilimia 0.9, namba ambayo hakuna atakayeinulia kichwa. Ukweli ni kwamba watu 3 kati ya 10 waliokuwa na nafasi ya kuondoka wameondoka. Hiyo ni asilimia 30.

Kwa hiyo kati ya kuripoti asilimia moja ya pamoja na kuripoti mbili, chagua mbili. Ya wateja wa mwezi igawe kwa MRR ya wateja wa mwezi. Ya wateja wa mwaka igawe kwa MRR ya mikataba iliyoisha mwezi huo peke yake. Kampuni ndogo itaona asilimia ya pili ikirukaruka kwa sababu wanaohuisha kwa mwezi ni wachache. Ijumlishe kwa miezi mitatu au minne na utulivu utapatikana.

Pamoja na asilimia hizo, weka orodha moja ambayo naiona na thamani kuliko grafu nyingi: MRR inayofikia tarehe ya kuhuisha, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 12 ijayo. Tuseme kati ya wale 60 wa Desemba, 40 waliingia kwenye ofa ya Novemba. Basi Novemba ijayo MRR ya 1,000 inafika mlangoni kwa mkupuo. Wakiondoka kwa ileile asilimia 30, unapoteza 300 mwezi mmoja, zaidi ya hasara yote ya wateja wa mwezi Januari. Asilimia ya pamoja haikuonyi hata siku moja kabla. Orodha inakuonyesha tangu Desemba, na unapata muda wa kuwapigia simu wateja hao Septemba.

## Aliyekwisha kusema hatarudi

Mteja wa mwaka anazima uhuishaji wa moja kwa moja mwezi Aprili. Amelipia hadi 31 Desemba, na anaendelea kutumia huduma. Umtoe kwenye MRR Aprili au mwisho wa Desemba?

Kumtoa Aprili kuna sababu nzuri: habari mbaya inaonekana mapema, na unaweza kuihusisha na kilichotokea Aprili, labda bei mpya au hitilafu. Ila unakuwa na mteja anayetumia huduma iliyolipiwa lakini thamani yake ni sifuri, na akibadili mawazo Oktoba, ripoti itamhesabu kama aliyerejea ilhali hakwenda popote. Kumtoa mwisho wa mkataba kunalinganisha MRR na huduma inayotolewa, lakini habari inakaa miezi minane bila kusemwa.

Ningemwacha ndani mpaka mkataba uishe, na pembeni ya MRR niweke namba ya pili: MRR ambayo wenyewe wamekwisha kutoa taarifa ya kuondoka. Kama MRR ni 8,050 na iliyotolewa taarifa ni 350, msomaji anaona zote mbili na hakuna kilichofichwa. Programu za ripoti hutofautiana katika hili, na nyingine hukuachia uchague kwenye mipangilio. Angalia mpangilio wako kabla ya kulinganisha namba zako na za kampuni nyingine. Hiyo tofauti moja inatosha kuufanya ulinganisho usiwe na maana.

## Kuchagua kulingana na wateja ulionao

Kama wateja wa mwaka ni wachache, tuseme chini ya sehemu ya kumi ya MRR, kugawa kwa 12 kwa bei halisi kunatosha, na asilimia moja ya wanaoondoka haitakupotosha sana bado. Weka tu orodha ya tarehe za kuhuisha.

Kama mchanganyiko unakaribia nusu kwa nusu, tenganisha kila kitu: MRR ya mwezi na MRR ya mwaka kwenye mistari miwili, asilimia mbili za wanaoondoka, na pesa iliyoingia kwenye ukurasa wake. Huyu ndiye anayehitaji kazi zaidi, kwa sababu kila namba ya pamoja anayoitoa ni wastani wa tabia mbili zisizofanana.

Kama karibu wote wanalipa kwa mwaka, acha MRR iwe namba ya pili na uanze na ARR. Kugawa mikataba yote kwa 12 ili upate MRR, kisha kuizidisha tena kwa 12 ili upate ARR, ni kuzunguka bila sababu, na kunampa msomaji hisia ya mwendo wa mwezi kwa mwezi ambao haupo. Biashara ya namna hiyo inapimwa kwa mikataba iliyosainiwa na asilimia ya inayohuishwa.

Jambo la mwisho ni la kuandikwa. MRR haimo kwenye IFRS wala kwenye viwango vya uhasibu vya Marekani. Hakuna mkaguzi atakayekupa fasili yake. Mwaka 2020 tume ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilitoa mwongozo kwa kampuni zinazoripoti kwake kwamba vipimo vya namna hii viambatane na maelezo ya namna vinavyohesabiwa, na kwamba njia ikibadilika, mabadiliko hayo yaelezwe. Hata kampuni isiyohusika na tume hiyo inaweza kufanya hivyo kwa aya moja chini ya ripoti: bei gani inatumika, mteja anatolewa lini, nini hakimo. Na ukihama kutoka njia moja kwenda nyingine, hesabu upya miezi 12 iliyopita kwa njia mpya kabla ya kuchora mstari wa ukuaji, la sivyo nusu ya mstari huo itakuwa inapima kitu kimoja na nusu nyingine kitu kingine.